Maisha ya bibi kwenye kurasa mbili: unabana au unachagua?

"Shikamoo mwalimu. Nimeandika hadithi ya maisha ya bibi yangu wa Wete, kurasa tisa, mhariri anataka mbili. Kila mwaka nimeupa mstari mmoja, zimebaki nne na ladha imepotea. Nikate wapi?"

Marahaba mwanangu. Nimezisoma zote tisa na zile nne, na zile nne ndo mbaya zaidi. Usikate tena, zitupe, turudi kwenye tisa.

Huu ugonjwa nauona kila wiki na unanikera, maana kuna watu wanaufundisha kwa pesa huko kwenye magrupu ya watsapu, ati chukua umri gawa kwa kurasa, kila miaka kumi aya moja, mwanzo kati mwisho, umemaliza. Hiyo si hadithi, huo ni wasifu wa kuombea kazi. Tazama ulivyoandika: "Bibi alizaliwa 1938, akasoma chuoni, akaolewa, akazaa watoto saba, akahamia Unguja, akafiwa." Unaziona hizo -ka-? Kila moja inamsukuma msomaji kwa inayofuata kabla hajaona kitu, mpaka kifo cha babu yako kinapita kwa uzito uleule wa kuingia chuoni.

Sasa ukurasa wa sita umeandika mstari mmoja ukaukimbia, kwamba bibi alivyopanda boti kwenda Unguja hakubeba chombo chochote ila jamvi lake la kuanikia karafuu. Kwani Unguja mjini angeanika nini? Hapo ndo hadithi ilipo, na kila kitakachoingia kwenye kurasa mbili lazima kipite juu ya hilo jamvi, kisichopita kinabaki nje hata kiwe kikubwa vipi.

Kurasa mbili za kupiga chapa, herufi saizi 12 na nafasi mbili kati ya mistari, ni kama maneno 550. Yanatosha matukio manne ya maneno 120 hivi, na kinachobaki ni cha kuvukia. Kwa bibi yako mimi ningechukua haya. La kwanza ni mtoto anayechambua makonyo usiku kwenye shamba la mtu, mama yake analipwa kwa pishi, na yeye anaficha karafuu chache kwenye upindo wa kanga (umeliandika ukurasa wa pili, zuri sana). La pili, baada ya Mapinduzi ya 1964 na mgao wa eka tatu, jamvi sasa limetandikwa uani kwake, mvua inashuka ghafla, mtoto analia barazani na yeye anakimbilia karafuu kwanza. La tatu boti. La nne mtaani Ng'ambo, Unguja mjini, mjukuu anauliza kwa nini hili jamvi halitupwi.

Umeona harusi haimo? Watu wanadhani matukio ya kuchagua ni kuzaliwa, kuolewa na kufa, lakini hayo yamemtokea kila mtu na mara nyingi mhusika hakuamua chochote. Chagua pale alipofanya jambo ambalo mwengine angelifanya vyengine. Babu yako ataingia kwenye ile mvua, anashika pembe ya pili ya jamvi, basi, msomaji kashajua kaolewa. Na 1964 haihitaji aya ya historia, inatosha kuonekana kwamba karafuu ni zilezile ila safari hii ni zake.

Kuvuka kutoka tukio hadi tukio ndo wengi wanapoharibu, wanaandika "miaka mingi ikapita". Wewe ruka mstari, kisha anza na kitu kilichobadilika: "Jamvi lilikuwa limeshatoboka pembe mbili." Na pale unapotaka miaka ishirini ipite kwa pumzi moja tumia hu-: "Kila msimu hulitandika asubuhi, hulikunja magharibi." Mara moja tu lakini, ukizirundika msomaji anasinzia.

Ukimaliza, fanya hivi, funika tukio moja usome yaliyobaki. Kama hakuna kilichopungua, hilo lilikuwa pambo, litoe. Funika la mvua halafu usome boti: jamvi linakuwa mzigo tu, hujui limemgharimu nini, kwa hiyo mvua inabaki.

Na nawaambia na wengine wanaosoma hapa, msilipie hizo fomu za kujaza, jina la mhusika hapa, changamoto hapa, mafanikio hapa. Napokea hadithi za mabibi wa Mkoani, wa Makunduchi, wa Micheweni, wote wametoka mtu mmoja, wote walikuwa wachapakazi na wacheshi na walipendwa na majirani. Anayekuuzia fomu hamjui bibi yako, na hajui kama alibeba jamvi au alibeba kinu. Hilo unalijua wewe, na kama hulijui nenda kamuulize mama yako au shangazi yako kabla hujaandika neno.