Nafasi kwanza, tarehe baadaye

"Orodha yangu ya wateja kwenye Excel, iliyotoka kwenye faili la CSV, ina majina yaliyojirudia lakini Remove Duplicates haiyaoni. Tena tarehe nyingine zimekaa kushoto, nyingine kulia. Nianzie wapi?"

Ndugu, anza na nafasi. Andika `=LEN(A2)`: "Asha Juma" inapaswa kutoa 9. Ikitoa 10, kuna nafasi iliyojificha, na kwa Excel huyo ni mteja mwingine. TRIM peke yake haiondoi ile nafasi inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa mtandaoni, kwa hiyo tumia:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))
```

Bandika matokeo kama thamani tu, ndipo ufute marudio kwa jina pamoja na simu. Jina pekee linaweza kukufutia mteja tofauti mwenye jina hilo hilo.

Kwenye tarehe, tafadhali usikimbilie kurekebisha za kushoto tu. Hizo ni maandishi. Zikisomeka kama 03/25/2023, faili lilitanguliza mwezi, na kompyuta yako inatanguliza siku. Basi hata 04/03/2023 iliyokaa vizuri kulia imegeuzwa: ilikuwa Aprili 3, sasa ni Machi 4. Rudi kwenye faili la CSV la awali, ulilete upya kupitia Data > From Text/CSV, bonyeza Transform Data, na safu ya tarehe uiwekee Change Type, Using Locale, Date, English (United States).