RTP 96% haikulindi: angalia volatiliti kabla hujaweka buku tano yako kwenye sloti

Juzi dogo mmoja wa Moshi, pande za Majengo, kanitumia meseji. "Shikamoo kaka. Mchezo umeandikwa RTP 96%, nikaweka buku tano nikajua hata nikikosa kabisa nitabaki na elfu nne na mia nane. Dakika chache tu salio likasoma sifuri. Hawa jamaa wanatuibia au?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa urefu maana najua wanaouliza hivi ni wengi, na wanaojibu mitandaoni wengi wanabahatisha tu.

Mimi hili swali nimelijua muda mrefu. Nilifanya kazi ya kuhudumia mashine kwenye ukumbi mmoja hapa Arusha mjini, ile kazi ya kufungua mashine ikikwama, kulipa ushindi mkubwa kwa mkono, kubadilishia wateja hela. Fundi wa mashine tuliyekuwa naye alikuwa mtu mzima mpole sana, na siku moja alinionyesha karatasi ya hesabu ya mashine, inayosema kila alama imewekwa mara ngapi na kila ushindi unakuja kwa uwezekano gani. Niliisoma ile karatasi kama mtu anasoma mtihani ulioibwa. Kuanzia hapo sikuweza tena kumuangalia mteja anayeingia na buku tano nikanyamaza.

Sasa sikiliza. RTP ni hesabu ya hela zote zilizobetiwa kwenye mchezo, na wachezaji wote, kwa mamilioni ya mizunguko. Katika kila shilingi 100 zilizobetiwa 96 zinarudi kwa wachezaji. Haisemi zinarudi kwako, haisemi zinarudi leo, na wala haihusu hela uliyoweka kwenye akaunti. Volatiliti ndiyo inasema hizo 96 zinagawanywaje, kidogo kidogo kwa wengi au kwa mkupuo kwa wachache.

Fikiria vibarua wawili wa kijijini Kibosho, mmoja analipwa kila jioni, mwingine anasubiri kahawa ivunwe ndio alipwe yote kwa pamoja. Kwa mwaka wanaweza kupata sawa kabisa, ila huyo wa kahawa kama ndani ana debe moja tu la mahindi hafiki kwenye mavuno. Buku tano yako ndio hilo debe.

Tufanye hesabu kabisa maana bila hesabu utaona ni maneno tu. Chukua mashine mbili rahisi za mfano, zote beti ni shilingi 100. Ya kwanza ikilipa inalipa mara mbili ya beti, na kwa wastani inalipa mara 48 katika kila mizunguko 100. Ya pili ikilipa inalipa mara 96 ya beti, ila kwa wastani inalipa mara moja tu katika mizunguko 100. Piga mwenyewe: mizunguko 100 umebeti 10,000, na kila mashine kwa wastani imerudisha 9,600. RTP 96% zote mbili, kwenye karatasi ni ndugu mapacha.

Una 5,000, maana yake una mizunguko 50. Kwenye ya kwanza, ukimaliza hiyo 50 karibu watu wote mtakuwa na kitu kati ya 3,400 na 6,200 hivi, na wa kufika sifuri hayupo. Kwenye ya pili kila mzunguko una nafasi 99 kati ya 100 ya kukosa, kwa hiyo nafasi ya kukosa yote 50 unaipata kwenye kalikuleta ya simu hivi:

```
0.99^50 = 0.605
```

Yaani wakikaa watu 100 kila mmoja na buku tano yake, kama 60 wanaondoka na sifuri kabla hata mashine haijawalipa mara moja. Kama 30 wamepata ushindi mmoja na wameshika 9,600, na hao wachache waliobaki wamepata mara mbili au zaidi. Jumlisha hela zao wote gawa kwa 100, unapata 4,800 ileile aliyoitegemea dogo. Hesabu yake ilikuwa sawa, ila ilikuwa ya watu 100, na yeye alikuwa mmoja wa wale 60. Hajaibiwa, mchezo umefanya kile ulichoundwa kufanya. Na kwa muda, ukispini kila sekunde 5 mizunguko 50 ni dakika nne na kidogo, chai bado ina moshi.

Kuna kitu kingine ambacho yule fundi alinieleza nikakaa nacho wiki nzima. Ukiwa na hiyo buku tano na ukaamua kucheza mpaka iishe kabisa, wastani wa mizunguko utakayocheza ni 1,250 kwenye mashine zote mbili. Sababu ni nyepesi, kila mzunguko kwa wastani unakula shilingi 4, na 5,000 ukigawa kwa 4 ni 1,250. Sasa mtu akisikia wastani ni sawa anadhani maisha ya salio ni sawa. Kwenye mashine ya pili watu 60 kati ya 100 wameishia kwenye mzunguko wa 50 kamili, halafu wachache waliopata ndio wanacheza maelfu ya mizunguko na kuubeba huo wastani juu. Wewe ukiingia ukumbini unamuona nani? Unamuona yule aliyekaa masaa mawili, ana salio, anapiga stori. Wale 60 walishatoka zamani, wako stendi wanatafuta nauli. Nimeona hili kwa macho yangu, na ndio maana watu wanaapa kwamba mashine fulani inalipa.

Na niseme tu, hili liliniponza kazini. Kulikuwa na mzee mmoja anakuja jioni, anakaa kwenye mashine ileile, na ikikaa kimya muda mrefu anasema imejaa, inakaribia kutema. Nikamwambia mzee wangu, hii haikumbuki chochote, hata ikikosa mara 50 mzunguko wa 51 una nafasi ileile. Akanielewa, akachukua kilichobaki akaenda nyumbani. Bosi aliniita ofisini akanisema mbele ya wenzangu kama nimeiba. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu nilichosema ni kweli tupu. Kila mzunguko unachaguliwa na programu inayotoa namba kwa bahati nasibu, wa nyuma haumdai wa mbele.

Turudi kwenye simu yako. Utajuaje mchezo ni wa volatiliti kubwa? Fungua kitufe cha maelezo, mingi inaandika kabisa neno Volatility au inaweka alama za radi au nyota, nyingi zikiwaka ni kubwa. Isipoandika, soma jedwali la malipo. Kama ushindi wa juu ni maelfu ya mara ya beti, jua hizo hela zimetolewa mahali, zimekatwa kwenye ushindi mdogo mdogo ambao ungekushikilia. Mfano Starburst ya NetEnt ina RTP 96.09% na volatiliti ndogo, Book of Dead ya Play'n GO toleo lake la kawaida ni 96.21%, volatiliti kubwa, ushindi wa juu mara 5,000 ya beti. Ukiangalia RTP peke yake utaona Book of Dead ni nzuri kidogo, kumbe kwa mwenye salio dogo ni dunia mbili tofauti. Na toleo nalo uliangalie, Book of Dead ina matoleo ya RTP ya chini na anayechagua ni kampuni ya kubeti, kwa hiyo soma namba ndani ya mchezo wenyewe hapo ulipo, usisome kwenye blogu ya mtu.

Angalia pia ushindi wa uongo. Umebeti 100, mchezo unapiga muziki, taa zinawaka, umelipwa 30. Hapo umepoteza 70. Michezo yenye mistari mingi inafanya hivi sana na mtu anahisi analipwalipwa huku salio linashuka, kwa hiyo macho yako yakae kwenye salio, sio kwenye sherehe.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni beti ukilinganisha na salio. Kwenye ile mashine ya pili ukishusha beti mpaka 20, buku tano inakuwa mizunguko 250, na wa kuondoka bila kulipwa hata mara moja wanashuka toka 60 mpaka kama 8 kati ya 100. Huo ushindi nao unakuwa 1,920 badala ya 9,600, usitegemee vyote viwili. Na tusidanganyane, ukikaa muda mrefu unabeti hela nyingi zaidi, na ile 4% inakatwa kwenye kila beti. Beti ndogo inanunua muda, faida hainunui. Hakuna beti inayonunua faida, anayekuuzia siri ya hivyo mkimbie.

Kinachomaliza vijana ni kinyume chake. Salio limefika 2,500, amekasirika, anapandisha beti toka 100 mpaka jero. Alikuwa na mizunguko 25, sasa ana mitano. Kwenye mashine ile nafasi ya kukosa yote mitano ni kama 95 kati ya 100. Amechukua mchezo ambao tayari ni mgumu akaufanya mgumu mara tano, halafu anasema mtandao umemchezea. Wadogo zangu, hasira haijui hesabu, ukiona mkono unaenda kwenye kitufe cha kuongeza beti baada ya kukosa funga simu, kanywe maji, hela ya kodi na ya ada haina kazi humo ndani. Na kama hujafika miaka 18 hata hii makala sio yako.

Mwisho ni kile kitufe cha kununua bonasi, maana dogo naye kaniuliza kama angenunua moja kwa moja ingemsaidia. Michezo mingi yenye kitufe hicho inakitoza mara 100 ya beti. Kwa beti ya 100 hiyo ni 10,000, hana. Kwa beti ya 50 ni 5,000, yaani salio lote kwa mpigo mmoja, mizunguko yake yote imekuwa mmoja. Wastani wa bonasi unaweza kuwa karibu na bei yake, lakini huo wastani unabebwa na bonasi chache kubwa, nyingi zinalipa chini ya bei uliyonunulia. Akitoka na 1,500 au 2,000 hapo, ambayo ni kawaida kabisa, hana tena hela ya kununua nyingine.