Makato ya kila saa nane na bei ya mkataba usio na ukomo

*"Nimenunua mkataba wa Bitcoin usio na tarehe ya mwisho, nafasi yenye thamani mara ishirini ya dhamana yangu. Kila baada ya saa nane nakatwa 0.06% ingawa bei haijasogea. Fedha hizo zinakwenda wapi? Na kama mkataba hauishi, ni nini kinachozuia bei yake isiachane na bei ya soko la papo kwa papo?"*

Ndugu, fedha hizo hulipwa watu walioshika upande wa kuuza katika mkataba huohuo. Kwa kawaida soko lenyewe halibaki na kitu. Kazi yake ni kuhesabu kiasi na kukihamisha kutoka akaunti za wanunuzi kwenda akaunti za wauzaji, au kinyume chake pale kiwango kinapokuwa hasi. Malipo hayo, ambayo kwenye skrini huandikwa "Funding", ndiyo pia jibu la swali lako la pili, na naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu mimi mwenyewe niliyaelewa baada ya kuyalipa.

Mkataba wa baadaye wenye tarehe ya mwisho hauhitaji malipo ya namna hii. Siku yake ikifika, unahesabiwa kwa bei ya soko la papo kwa papo, hivyo kila mtu anajua kwamba bei hizo mbili zitakutana, na kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo tofauti inavyopungua. Mwanauchumi Robert Shiller alipendekeza mapema miaka ya 1990 kuwa na mikataba isiyo na tarehe hiyo, lakini katika sarafu za kidijitali ni soko la BitMEX lililoutia mkataba huo katika matumizi makubwa mwaka 2016. Tarehe ikiondolewa, siku ya kukutana inaondoka nayo, na lazima kitu kingine kichukue nafasi yake. Kilichochukua nafasi hiyo ni gharama: anayeshika upande unaosukuma bei mbali na soko la papo kwa papo hulipa kila baada ya muda fulani, na anayeshika upande unaoirudisha hulipwa.

Mara ya kwanza mimi kuligundua hilo nilikuwa nimeweka dhamana ya USDT 1,000, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, na kununua 0.2 BTC kwa bei ya 50,000, yaani nafasi ya USDT 10,000, mara kumi ya dhamana. Kiwango kilikuwa wastani wa 0.07% na nilikiona kidogo mno kiasi kwamba sikukifikiria tena. Kosa langu lilikuwa kukilinganisha na dhamana, ilhali hukatwa kwa thamani ya nafasi nzima: 0.07% ya 10,000 ni USDT 7, mara tatu kwa siku, yaani 21. Nilikaa siku kumi. Bei ilipanda hadi 50,300, kwa hiyo mkataba ulinipa faida ya USDT 60, lakini nilikuwa nimekwisha kulipa 210. Nilitabiri vizuri mwelekeo wa bei, na hata hivyo nilipoteza 150 kabla ya kuhesabu ada za kununua na kuuza.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa jingine. Dhamana yangu ilikuwa imetengwa kwa ajili ya nafasi ile peke yake, na makato yalitoka humohumo. Siku ya kwanza soko lingeifunga nafasi kwa nguvu, kwa kuwa dhamana ingekuwa karibu kwisha, bei ikifika karibu 45,230. Siku ya kumi kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi karibu 46,280. Ukuta ulikuwa umenisogelea kwa zaidi ya USDT 1,000 bila bei kushuka hata kidogo.

Sasa tuone kiwango chenyewe kinapatikanaje. Masoko mengi makubwa hutumia fomula ya aina hii, kwa kipindi cha saa nane:

```
F = P + clamp(0.01% - P, -0.05%, 0.05%)
```

P ni ziada, yaani asilimia ambayo bei ya mkataba imezidi bei ya soko la papo kwa papo, na huwa hasi mkataba ukiwa chini. Bei ya papo kwa papo inayotumika ni wastani wa masoko kadhaa, ambao kwenye skrini huitwa "Index Price", ili soko moja likiyumba lisiharibu hesabu. Ziada nayo haipimwi mara moja saa ya malipo inapofika. Hupimwa tena na tena katika kipindi chote na kufanyiwa wastani, na kwa kutazama bei ambayo oda kubwa ingepata kwenye daftari la oda badala ya bei ya muamala wa mwisho. Kwa hiyo mtu hawezi kuibadilisha kwa kununua kidogo dakika ya mwisho. Ile 0.01% ni riba ya kudumu, inayowakilisha tofauti kati ya gharama ya kukopa dola na ya kukopa sarafu. Neno `clamp` maana yake ni kwamba kilichomo kwenye mabano hakiruhusiwi kuvuka mipaka miwili iliyotajwa.

Fomula hii ina tabia ambayo wengi hawaitambui. Ziada ikiwa popote kati ya -0.04% na 0.06%, hesabu hutoa jibu lilelile moja: 0.01%. Ndiyo maana utaona namba hiyo imeganda kwa siku nyingi soko likiwa tulivu, hata mkataba ukiwa chini kidogo ya soko la papo kwa papo. Katika hali hiyo mnunuzi bado analipa, na kwa mwaka ni 10.95% ya thamani ya nafasi. Nje ya eneo hilo kiwango huanza kufuata ziada moja kwa moja: ziada ya 0.12% inatoa 0.07%, na 0.06% unayokatwa wewe inamaanisha kwamba kwa wastani wa kipindi hicho mkataba ulikuwa juu ya soko kwa takriban 0.11%.

Lakini namba kwenye skrini haivuti bei. Wanaoivuta ni watu wanaoifuata, na hapa ndipo penye moyo wa jambo. Chukua siku ambayo Bitcoin katika soko la papo kwa papo ni 50,000 na mkataba uko 50,060, ziada ya 0.12%. Mfanyabiashara wa tofauti ya bei ananunua 0.2 BTC halisi na wakati huohuo anauza mkataba wa 0.2 BTC. Bei ikipanda au ikishuka, anachopoteza upande mmoja anakipata upande wa pili, kwa hiyo hajali mwelekeo. Bei mbili zikikutana atapata tofauti ya 60 mara 0.2, yaani USDT 12. Tuseme ada yake ni 0.1% katika soko la papo kwa papo na 0.05% kwenye mkataba: kuingia na kutoka kutamgharimu takriban USDT 30. Kwa ile 12 peke yake kazi hiyo haina maana, na kama kusingekuwa na malipo ya kila saa nane, ziada hiyo ingeweza kubaki pale kwa sababu hakuna ambaye ingemlipa kuiondoa.

Ukimwongezea USDT 7 kila baada ya saa nane, mambo yanabadilika. Pengo la 18 linazibwa kwa malipo matatu, yaani siku moja, na kila malipo yanayofuata ni faida. Akiwa na uhakika kiasi kwamba ziada itadumu zaidi ya siku moja, anaingia. Na kuingia kwake ndiko kunakoiondoa ziada, kwa kuwa kuuza kwake mkataba kunaushusha na kununua kwake sarafu kunaipandisha bei ya papo kwa papo. Upande wa pili, wanunuzi kama mimi nilivyokuwa wanachoka kulipa na kufunga nafasi zao, jambo ambalo nalo ni kuuza. Nguvu hizo mbili zinasukuma kuelekea sehemu moja.

Kamba inayoifunga bei ya mkataba kwenye bei ya papo kwa papo basi ina urefu fulani. Inategemea kuwapo kwa watu wenye mtaji wa kuishika, na wao pia wana hatari. Nilipojaribu kuwa upande wao, niliweka dhamana ndogo kwenye mkataba niliouza, kisha bei ikapanda kwa haraka. Sarafu zangu zilikuwa zimepata thamani ileile niliyokuwa nikipoteza, lakini zilikuwa kwenye akaunti nyingine, na soko la mkataba halikuziona. Nilihamisha fedha nikiwa nimechelewa na sehemu ya nafasi ikafungwa kwa nguvu. Tangu hapo sifungui upande wa kuuza kwa zaidi ya mara mbili ya dhamana, hata kama hilo linapunguza faida kwa kila USDT niliyoweka.

Kuna nyakati pia ambapo soko la papo kwa papo linabeba kitu ambacho mkataba haukibebi. Kabla ya Ethereum kuachana na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, ilitarajiwa kwamba baadhi ya wachimbaji wangeendeleza mnyororo wao wenyewe, na kwamba wenye ETH halisi wangepewa sarafu mpya bila malipo. Mwenye mkataba asingepewa. Watu wengi wakanunua ETH na kuuza mkataba ili wajikinge dhidi ya kushuka kwa bei, na kiwango kikawa hasi sana: wauzaji ndio waliokuwa wakiwalipa wanunuzi. Bei ya mkataba ilibaki chini kwa siku kadhaa licha ya malipo hayo, kwa sababu waliouza waliyahesabu kama bei ya kuipata ile sarafu mpya. Tukio lilipopita, wakafunga nafasi zao na kiwango kikarudi haraka karibu na kawaida yake. Kwa hiyo nikiona kiwango kisicho cha kawaida kinachokataa kurudi, kwanza natafuta kile ambacho upande mmoja unakipata na mwingine haukipati.

Kwa nafasi yako, fanya hesabu hii. Dhamana yako ni 5% ya thamani ya nafasi. Kama soko lako linadai ibaki angalau 0.5% kabla halijaifunga kwa nguvu, una 4.5% ya kutumia. Unakatwa 0.06% mara tatu kwa siku, yaani 0.18%, ambayo ni 3.6% ya dhamana yako kila siku. Kiwango kikibaki hivyo na bei isisogee kabisa, nafasi yako itafungwa siku ya 25. Na bei ikishuka kwa 2% tu, siku hizo zinabaki karibu 14. Angalia pia kwenye ukurasa wa mkataba kipindi ni saa ngapi, kwa kuwa baadhi ya mikataba hukata kila saa nne au kila saa moja, na 0.06% ya kila saa nne ni gharama maradufu ya hiyo unayolipa sasa.