Vidonge vya sweta: kwa nini ukiving'oa vinarudi vingi zaidi

"Sweta yangu lebo inasema sufu asilimia 70, nailoni asilimia 30. Wiki tatu tu za kuvaa, tayari ina vidonge vya manyoya kwapani na ubavuni mkoba unapogusa. Nimeving'oa kwa vidole, vimerudi zaidi ya mwanzo. Nimeuziwa mbovu? Na nivitoe vipi bila kuitoboa?"

Si mbovu. Mchanganyiko huo wa sufu na nailoni ndio unaotoa vidonge vigumu kuondoka, na kung'oa kwa vidole kumeongeza tatizo.

Uzi wa sweta ni nyuzinyuzi nyingi fupi zilizosokotwa pamoja, na kinachozishika ni ule msokoto tu. Sweta hufumwa kwa uzi wa msokoto mlegevu ili iwe laini na ishike joto. Ulegevu huo unaziachia ncha za nyuzinyuzi zitoke nje zikisuguliwa, na kitambaa kinaota manyoya. Msuguano ukiendelea, manyoya yanajiviringa na kuwa kidonge. Lakini kidonge hakikai juu ya sweta kama vumbi. Kimefungwa kwa nyuzinyuzi chache ambazo upande wa pili bado uko ndani ya uzi, mithili ya mizizi.

Sasa utaona kung'oa kunafanya nini. Unapokivuta kidonge kwenye mchanganyiko kama wako, mizizi hiyo haikatiki, inateleza na kutoka na urefu wake wote, ikiburuta na jirani zake. Pale palipokuwa na kidonge kimoja panabaki shada la manyoya mapya, na baada ya kuvaa mara mbili tatu manyoya hayo yamekuwa vidonge. Na uzi wenyewe umepungua unene.

Aina ya unyuzi ndiyo inayoamua kidonge kitadumu kiasi gani. Unyuzi wa sufu si imara kama wa nailoni. Sweta ya sufu tupu hutoa vidonge vingi siku za mwanzo, ila mizizi yake huchoka na kukatika, vidonge vikadondoka vyenyewe. Nyuzinyuzi fupi zilizolegea zikishaisha, sweta hutulia. Kashmiri, sufu laini ya mbuzi, na merino, sufu laini ya kondoo, hutoa vidonge haraka zaidi kwa sababu nyuzinyuzi zake ni nyembamba na zinapindika kwa urahisi. Ndiyo maana ulaini dukani si ushahidi kwamba sweta itadumu. Akriliki nayo hutoa vidonge vingi, na vinashikilia kuliko vya sufu.

Nailoni na poliesta ni imara mno kukatika kwa msuguano wa kawaida. Zikichanganywa na sufu, sufu inatoa manyoya na nailoni inatoa mizizi isiyokatika. Nailoni huwekwa ili sweta isitoboke viwikoni, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Gharama yake ni hivyo vidonge.

Ukiwa na sweta isiyo na lebo, kata kidonge kimoja kwa mkasi, kishike kwa kibano cha chuma, ukichome juu ya sahani ya udongo mbali na kitambaa chochote. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole likishapoa. Nailoni, poliesta na akriliki huyeyuka na kuganda kuwa shanga ngumu. Ukipata harufu ya nywele pamoja na shanga, ni mchanganyiko kama wako.

Hapo ndipo unapochagua kifaa. Kitana cha sweta, kile chenye meno madogo ya chuma yaliyosongamana, hakikati bali kinavuta. Kinafaa sufu tupu na kashmiri, kwa kuwa mizizi yake ni dhaifu na inakatika kwa mvuto mdogo. Kwa sweta yako kitarudia kosa la vidole. Wewe unahitaji kitu kinachokata: mashine ndogo ya kunyolea sweta, au wembe wa kutupa. Jiwe la kusugulia miguu liache kabisa, linakwaruza uzi mzima na kuotesha manyoya mapya.

Fua sweta kwanza na uiache ikauke kabisa, maana iliyolowa hunyumbuka na vitanzi vyake huinuka. Itandaze juu ya meza ngumu. Kwapani ingiza kitabu chenye jalada gumu ndani ya sweta, ili safu moja tu ya kitambaa iwe juu. Mikunjo ndiyo inayosababisha matundu mengi: kitambaa kikijikunja, ukingo wa mkunjo unaingia kwenye makali.

Ukitumia mashine yenye kirekebishi cha urefu, anza na kimo cha juu kabisa. Iweke bapa, isogeze polepole kwa miduara midogo bila kuikandamiza. Usipitishe kwenye mishono, vifungo, wala mafundo ya mapambo. Sweta iliyofumwa kwa matundutundu kama wavu usiinyoe kwa mashine kabisa, vitanzi vyake vinachungulia kupitia kifuniko chenye matundu kinachofunika makali. Kikasha cha mashine kinachokusanya manyoya kikijaa, kimwage, kwani kikijaa makali hayakati tena, yanavuta.

Ukitumia wembe, uwe mpya, wenye kali moja au mawili, usio na ule ukanda wa kulainisha ngozi, kwa sababu unaacha utelezi kwenye sufu. Vuta kitambaa kwa mkono mmoja mpaka kikae bapa, lakini kisinyumbuke. Ulaze wembe karibu sawa na kitambaa, kisha upitishe kwa miguso mifupi ya sentimita 3 hivi, upande mmoja tu. Ukisikia unakwama, inua, usisukume. Huenda makali yameshika kitanzi. Vidonge vikubwa vilivyo peke yake, mkasi mdogo unatosha: kiinue kidonge kwa ncha ya sindano, ukate chini yake.

Kitanzi kikikatika, acha kunyoa papo hapo. Pitisha sindano yenye uzi wa rangi ileile ndani ya vitanzi vyote vilivyo wazi na ufunge kwa upande wa ndani kabla tundu halijashuka. Hata bila tundu, kila kunyoa kunaondoa nyuzinyuzi ambazo zilikuwa sehemu ya sweta. Inyanyue mbele ya dirisha: kwapani pakipitisha mwanga zaidi ya kifuani, hapo usinyoe tena kwa mashine, kata kidonge kimojakimoja kwa mkasi.

Kupunguza vipya, igeuze ndani nje kabla ya kufua, kwani mashine ya kufulia inasugua kama mkoba unavyosugua. Maji yasizidi nyuzi joto 30, na sabuni iwe ya sufu. Sabuni nyingi za kawaida zina vimeng'enya vya kuvunja protini, na sufu ni protini. Usiweke maji ya kulainishia nguo, yanazifanya nyuzinyuzi ziteleze na kutoka kwa urahisi zaidi. Na mkoba uhamishie bega la pili kila siku nyingine. Utasugua bado, lakini si palepale.

Tarajia kunyoa tena baada ya kuvaa mara kadhaa, kisha nafasi kati ya kunyoa na kunyoa izidi kurefuka kadiri nyuzinyuzi fupi zinavyoisha. Kwa nailoni asilimia 30 utulivu huo unachelewa kuliko kwa sufu tupu. Kama miezi imepita na vidonge ni vilevile kwa wingi, huku kitambaa kikizidi kuwa chembamba, basi msokoto wa uzi huo ulikuwa mlegevu mno tangu kiwandani, na kunyoa hakutaurekebisha.