Koti la Mvua na Dira: Jibu kwa Dada Anayejiandaa kwa Mbio za Mlimani

Dada mmoja kutoka Nyeri ameniandikia kwamba amejiandikisha kwa mbio za mlimani, na anauliza mambo mawili: kama koti jepesi la kuzuia upepo linatosha badala ya koti la mvua lililoandikwa kwenye orodha ya vifaa vya lazima, na kama dira ina kazi yoyote ikiwa saa yake ya mkononi inaonyesha njia. Majibu yangu ni kwamba koti hilo halitoshi, na dira ina kazi. Sababu ya yote mawili ni moja. Mwili unaokimbia hujipasha moto wenyewe, lakini mkimbiaji anayesimama ili asome ramani hupoteza joto hilo kwa dakika chache, hasa akiwa amelowa. Vifaa vya lazima ni vya mtu aliyesimama.

Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 mkoani Gansu, China, wakimbiaji 21 kati ya 172 walikufa baada ya mvua ya mawe na upepo mkali kuwakuta kwenye mpando mrefu. Koti la kuzuia upepo halikuwa la lazima katika orodha ya waandaaji, na wengi walikuwa wamelitia katika mabegi yaliyotangulizwa kwenye kituo cha mbele. Wengi wao walikuwa wakimbiaji hodari, wenye kaptula na fulana.

Kwa hiyo chagua koti lenye kofia na mishono iliyozibwa kwa utepe kwa ndani, kwa sababu kitambaa kizuri chenye mishono wazi huvuja mabegani ndani ya saa ya kwanza. Orodha nyingi hutaka kitambaa kinachohimili safu ya maji yenye kimo cha milimita 10,000 bila kuvuja. Livae matone ya kwanza yanapoanguka, kabla fulana haijalowa, na vaa glavu kabla vidole havijafa ganzi. Mwenzako akishindwa kufunga zipu, akijikwaa mahali tambarare na kuacha kujibu maswali, tayari baridi imemwingia: mvike nguo kavu, mfunike kwa blanketi la dharura chini ya koti, maana likivaliwa juu upepo hulichana, kisha mteremshe bila kumwacha peke yake.

Sasa dira. Katika Mlima Kenya asubuhi anga huwa wazi, na kufikia adhuhuri mawingu hupanda kutoka bondeni. Siku moja tulikuwa mazoezini juu ya ukingo unaotazama bonde la Teleki ukungu ulipotufunika. Wenzangu, ambao asubuhi walikuwa wameniita mpagazi kwa sababu ya mzigo wangu, neno ambalo bado linaniuma, walikuwa na simu zenye skrini zilizolowa ambazo hazikutii vidole. Mimi nilivaa koti, nikachuchumaa nyuma ya jiwe na kufungua ramani ya kipimo cha 1:50,000.

Tulitaka kufika kambini kando ya mto Naro Moru. Kwenye ramani umbali ulikuwa sentimita 1.5, yaani mita 750. Nililaza ukingo wa dira kutoka tulipo hadi kambini, nikazungusha duara lake mpaka mistari yake ikalingana na mistari ya kaskazini ya ramani, nikasoma nyuzi 50. Hapa kwetu tofauti kati ya kaskazini ya sindano na ya ramani ni ndogo mno, hivyo sikuongeza wala kupunguza kitu. Angalia tu kwamba dira iliyotengenezewa nchi za kaskazini huweza kuinamisha sindano yake na kuikwamisha. Hakikisha inazunguka kwa uhuru.

Hatukuifuata nyuzi 50. Tulifuata 40, tukakosea kushoto kwa makusudi, kwa sababu kulenga kambi moja kwa moja kungetufikisha mtoni bila kujua kama tumeipita upande wa juu au wa chini. Nyuzi 10 katika mita 750 ni kama mita 130, kiasi kinachozidi makosa ya kawaida ya mguu. Tukifika mtoni, tungegeuka kulia tu. Nilichagua mmea mkubwa wa lobelia ulioonekana hatua ishirini mbele, tukauendea, nikachagua mwingine. Nilihesabu kila mguu wa kushoto ulipogusa ardhi. Kwenye vichuguu vya nyasi mimi huhesabu 80 kwa mita 100, kwa hiyo nilitarajia maji karibu na 600. Tuliyasikia muda mfupi baada ya hapo, tukageuka kulia, na sikusikia tena neno mpagazi.

Dada, saa yako ichukue pia, lakini njia iliyomo haikuambii la kufanya waandaaji wanapobadilisha njia kwa sababu ya hali ya hewa, na hilo hutokea. Kabla ya siku ya mbio, simama chini ya bomba la kuogea ukiwa umevaa koti na glavu, kisha jaribu kufunga zipu, kupuliza filimbi na kuzungusha duara la dira. Glavu zisizokuruhusu kufanya hayo, zibadilishe.