Kaizen inayofifia baada ya wiki tatu

"Tulipanga upya meza za kufungashia katoni, kasi ikapanda. Wiki tatu baadaye kila mtu karudia mazoea. Tulikosea wapi?"

Inaelekea mlihamisha meza bila kuandika utaratibu wa kazi. Kule Toyota, kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, huanzia kwenye utaratibu ulioandikwa. Bila huo hamna cha kulinganisha nacho.

Simama na saa palepale mezani, upime katoni 10 mfululizo za mfungashaji mmoja. Tuseme zamu ina dakika 450 za kazi na oda ni katoni 300: kila katoni ina sekunde 90. Ukikuta nyingi zimechukua 80 na mbili zimefika 120, usimhimize mtu aharakishe. Chunguza hizo mbili. Mara nyingi alikwenda kufuata selotepu au lebo zilizoisha. Sogezeni karibu kitu hicho kimoja tu, kisha mpime tena 10; mkibadilisha vitu vitano kwa mpigo hamtajua kipi kilisaidia.

Muda ukishuka, mfungashaji mwenyewe aandike hatua na sekunde zake kwenye karatasi moja, ibandikwe mezani. Karatasi iliyoandikwa ofisini haifuatwi. Msimamizi apite kila siku akiuliza ni hatua ipi imeshindikana, na kwa nini. Jibu hilo ndilo badiliko lenu linalofuata.