Cheti, NIDA na TIN: utajuaje umefika kwenye tovuti ya serikali?

Kaka, nimegugo cheti cha kuzaliwa cha mwanangu nikakuta peji inataka elfu 35 nitume kwa namba ya mtu. Ndo RITA hao? (Mama, Nkuhungu)

Hapana dada, usitume. Hao ni watu wa kati, na peji inayotokea juu kabisa Gugo mara nyingi ni tangazo la kulipia. Andika mwenyewe `erita.rita.go.tz` kule juu. Ukishapita `https://`, angalia anwani mpaka kwenye mkwaju `/` wa kwanza, kabla yake lazima iishie na `.go.tz`, hiyo wanapewa taasisi za serikali tu. Ukiona `rita-go-tz` halafu mbele yake `.com`, toka. Na kwenye malipo, mfumo wenyewe unakupa kontrol namba ya tarakimu 12, unalipa M-Pesa au benki kwenye malipo ya serikali. Ada ya cheti hailipwi kwa namba ya mtu.

Mimi sina kompyuta, lazima niende steshenari. Nifanyeje? (Kijana, Kongwa)

Nenda, ila nenda na imeili yako na paswedi uitunze mwenyewe, hapa ndo watu wengi wanaumia. Binti wa dada yangu alikuwa anahakiki cheti kwa ajili ya mkopo wa chuo, jamaa wa steshenari moja hapa mjini akamfungulia akaunti kwa imeili ya jamaa. Jina la kati likakosewa herufi moja, sasa kurekebisha lazima uingie kwenye akaunti, kubadili paswedi ujumbe unaenda kwa jamaa, na jamaa anataka elfu 10 nyingine ndo aufungue, siku zinakwisha mtoto analia. Kwa hiyo mwenye steshenari mlipe hela ya kuskani na kuprinti, basi. Kabla hajabonyeza kutuma, soma kila herufi ukilinganisha na karatasi yako.

Kuna mtu anasema atanimalizia NIDA yote mtandaoni nisitoke nyumbani. (Baba, Kondoa)

Hawezi mzee wangu. Fomu kweli inajazwa `eonline.nida.go.tz`, lakini ukishaiprinti bado unaenda mwenyewe ofisi ya NIDA ya wilaya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na vidole vyako yeye hana. Kitambulisho cha kwanza ni bure. Kama ulishajiandikisha na unatafuta namba tu, piga `*152*00#` ufuate menyu mpaka NIDA, au ingia tovuti yao.

TIN wananiambia elfu 20, ni kweli? (Dada, soko la Majengo)

TIN haiuzwi, TRA wanatoa bure, anzia `www.tra.go.tz`, uwe na namba ya NIDA. Simu na imeili weka zako, maana ritani na madeni ya kodi yataletwa hukohuko, na ukiweka za ajenti yeye ndo atakuwa anajua unadaiwa wewe hujui.